Dakika Ishirini na Tano, Nyeri Hadi Kutus

Wifi yangu Wangui akisoma ujumbe wa simu, hata ule wa kukumbushwa kununua bando, utadhani anakusomea mashtaka. Jumatatu hiyo alisimama mlangoni kwa mama mkwe wangu, simu ndogo ya mama mkononi, akasoma jumbe nne za benki bila kupumua. Jumamosi, elfu ishirini, Kutus. Jumamosi, elfu kumi na tano, Kutus. Jumapili, elfu ishirini, Kutus. Jumapili, elfu ishirini, Kutus.

Alipomaliza hakumtazama mama. Alinitazama mimi.

"Kutus," akasema. "Si ni kwenu, Mama Ben?"

"Ni kwetu."

"Na kadi iko na nani?"

Alijua iko na nani. Boma lote lilijua. Mama mkwe wangu, Wakiuru, ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Anakuona kama anavyoonekana mtu nyuma ya pazia. Pesa zake za maziwa huingia benki kila mwezi, na tangu macho yaharibike, kadi yake hukaa kwangu, ndani ya kitabu cha nyimbo, imefungwa kwa leso. Namba ya siri aliniambia mwenyewe tukikamua ng'ombe. Huku Chaka hakuna anayeona ajabu. Nusu ya wazee wa hapa hutolewa pesa na mkaza mwana, na nusu nyingine na mjukuu.

Elfu sabini na tano. Zilikuwa pesa za macho yake. Aliuza mtamba mzuri, akaongeza za maziwa za mwaka mzima, na hospitali ilikuwa imeshampa tarehe ya upasuaji.

Mume wangu Gathogo alikuwa kwenye kazi ya mjengo Nanyuki. Wangui alimpigia simu palepale, akaweka sauti nje ili nisikie. Gathogo akauliza swali moja: "Munene anajua hiyo pin?"

Munene ni ndugu yangu. Ana pikipiki ya abiria Kutus. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa, nikatoka, nikaenda kuwakatia ng'ombe nyasi ambazo tayari walikuwa nazo. Nilikata mpaka mama akaniita.

"Mama Ben, kuja. Wewe ndiye ulitoa?"

"Hapana, Mami."

"Basi twende benki," akasema. Hakusema ananiamini. Alisema twende benki.

Sasa nikuambie jambo ambalo Wangui hakulijua, maana ndilo lililoninyima usingizi na hamu ya chakula. Sikuiba elfu sabini na tano. Lakini Jumamosi hiyo mama alinituma Nyeri nimtolee elfu tatu za dawa ya matone na chakula cha ng'ombe, nami nikatoa elfu nne na mia tano. Ile elfu moja na mia tano ilikuwa ya kitambaa cha sare ya kwaya. Siku ya mwisho ya kuchanga ilikuwa hiyo, na mwenye kuchangisha ni mwanamke ambaye angesoma jina langu mbele ya kanisa zima, tena kwa furaha. Nilijiambia nitarudisha nikiuza mitumba ya wiki hiyo. Karatasi ya mashine niliitupa kwenye mtaro. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama mashine haikuwa na karatasi, nikashika simu yake eti naangalia saa, nikaufuta ujumbe, wa pekee uliokuwa umeingia; wikendi hiyo mtandao ulikuwa ukichelewesha jumbe.

Mwizi wa kwaya, hebu fikiria. Ningecheka kama ingekuwa habari ya mtu mwingine.

Pale benki, tawi la Nyeri, tulihudumiwa na kijana mmoja Mmeru aitwaye Kobia, shati limepigwa pasi hadi linaogopesha. Jambo la kwanza, kabla hata ya kusikia hadithi, aliifunga kadi. La pili, alichapa taarifa ya akaunti ya miezi mitatu. Alimpa mama, mama akanipa mimi, nami nikaikunja haraka. Lakini nilikuwa nimeshaiona. *Nyeri, Jumamosi, saa sita na dakika sita mchana, 4,500.* Mstari wa chini yake: *Kutus, saa sita na dakika thelathini na moja, 20,000.*

Kobia naye aliiona kwenye kompyuta yake. "Hii ya Nyeri ni yenu?"

"Ni yetu," nikasema upesi, kabla hajataja kiasi.

"Na kadi imetoka kwa mkono yako hiyo siku?"

"Haijatoka."

Akageuza kompyuta kidogo, akapunguza sauti. "Unaona, madam, kutoka hapa mpaka Kutus ni karibu kilomita sitini. Dakika ishirini na tano. Kadi moja haiwezi kuwa pande zote mbili. Hii inakaa kama kadi imekopiwa." Akatueleza. Kuna watu hubandika kifaa kwenye mdomo wa mashine, kifaa kinasoma ule mstari mweusi wa nyuma ya kadi. Kamera ndogo wanaificha juu ya vibonyezo, inaona vidole vyako. Kisha wanatengeneza kadi nyingine na kwenda kutoa pesa mji mwingine, mpaka kikomo cha siku kiwazuie.

Nikakumbuka. Wiki mbili kabla, mashine ya kituo kimoja cha mafuta njia ya Karatina. Mdomo wake ulikuwa unacheza nilipoingiza kadi. Niliusukuma kwa kidole gumba, nikabonyeza namba bila kufunika chochote, nikaenda zangu.

"Andikeni barua," Kobia akasema. "Mtaje ile mnakubali na ile mnakataa, moja moja, saa na kiasi. Mlete na namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Lakini nikuambie ukweli, madam. Kupeana pin ni kosa kwa sheria ya benki. Wakitaka, wanaweza kataa kulipa kwa sababu hiyo."

Kwenye kituo cha polisi tulipewa namba ya OB na askari aliyetuuliza mara tatu kama mwizi tunamjua. Mara ya tatu alikuwa ananitazama kama Wangui anavyonitazama, au labda ni mimi tu niliyeanza kuwaona wote hivyo.

Jioni hiyo Wangui alikuja na barua yake kichwani, tayari. Ana duka la nguo Nyeri na huwa anajua kila kitu.

"Tunasema kadi ilikuwa na mama, nyumbani, siku zote mbili," akasema. "Hakuna kupeana pin, hakuna kutaja jina lako, Nduta. Benki inalipa, mambo imeisha."

"Na ile ya Nyeri Jumamosi?"

"Hiyo tunanyamazia. Si ni elfu tatu tu?"

Ulikuwa mlango wazi kabisa: ningekubali na elfu nne na mia tano zangu zingezikwa pamoja na jina langu. Wangui mwenyewe alikuwa ananifunika bila kujua, yeye ambaye angelipa nauli kuniona nikiaibika.

Lakini ile ya Nyeri ndiyo iliyokuwa ushahidi. Bila ya Nyeri, dakika ishirini na tano hazipo. Na kamera ya Nyeri ilikuwa na sura yangu, na kitambaa changu cha kichwa cha njano. Wakichunguza na kumwona mwanamke ambaye barua inasema hakuwepo, watatupa barua yote, na hapo sasa nitakuwa mwizi mwenye picha. Tena pesa zikirudi kwa uongo, nani angesema si mimi? Wangui angenyamaza mpaka mkutano wa kwanza wa familia. Munene angeendelea kubeba abiria Kutus bila kujua kwamba huku kwetu ameshahukumiwa.

"Naandika mwenyewe," nikamwambia.

"Andika. Ukikosa pesa ya macho ya mama, utamwelezea wewe."

Siku iliyofuata nilienda saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Chaka, karibu na soko la vitunguu. Mwenye saiba, Gicheru, akaniambia barua za benki huandikwa Kiingereza. Nikamwambia benki ikitaka Kiingereza itafute mtu wa kuitafsiria, mimi nimeibiwa kwa Kiswahili. Nilizunguka kile kiti mara sita. Niliandika sentensi, nikaifuta, nikatoka nje kuangalia malori ya viazi, nikarudi. Mwisho ikawa hivi:

*KUH: PESA ZILIZOTOLEWA KWA KADI YA KUNAKILIWA*

*Mimi Wakiuru, mwenye akaunti, naomba uchunguzi na kurudishiwa shilingi 75,000. Sioni vizuri, kwa hivyo kadi yangu hutumiwa na mke wa mwanangu, Nduta, kwa ruhusa yangu. Najua ni kinyume cha masharti na sifichi.*

*Nakubali: Jumamosi, Nyeri, saa 6.06 mchana, shilingi 4,500. Aliyetoa ni Nduta.*

*Nakataa: Jumamosi, Kutus, saa 6.31, shilingi 20,000, na saa 6.34, shilingi 15,000. Jumapili, Kutus, saa 5.15 asubuhi, shilingi 20,000, na saa 5.17, shilingi 20,000. Saa hiyo ya Jumapili Nduta alikuwa anaimba kanisani Chaka mbele ya watu zaidi ya mia mbili.*

*Naomba muangalie: kama mashine ya Kutus ilisoma chipu ya kadi au mstari wa nyuma, kamera za Nyeri na za Kutus, na kama wateja wengine waliotumia mashine ya kituo cha mafuta njia ya Karatina wamelalamika. Kadi yenyewe tunayo na tunaileta. Mkikataa, naomba sababu kwa maandishi, ili nipeleke malalamiko Benki Kuu.*

Niliridhika nayo. Nilijua mama hasomi, na barua ingekwenda moja kwa moja kwenye faili. Angeweka kidole, Kobia angepiga muhuri, na ile 4,500 ingelala humo ndani kimya. Elfu moja na mia tano ningeirudisha polepole kwenye pesa za maziwa, na maisha yaendelee. Unaona nilivyopanga vizuri. Nilikuwa nimesema ukweli kwa benki nzima na kumficha mtu mmoja tu.

Ijumaa tulikwenda watatu, Wangui akitufuata nyuma kama askari jela. Kobia aliipokea barua, akatoa kidau cha wino, na mama akanyoosha kidole gumba.

"Ngoja kwanza, shosho," Kobia akamwambia mama, kama anayemwita bibi yake. "Mtu akiweka kidole, lazima asomewe barua yote kwa sauti, aseme amekubali. Ndiyo sheria yetu." Akakohoa, akainua karatasi kuelekea kwenye mwanga.

Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya watu kama kumi na watano, na Wangui alikuwa ameegemea meza, masikio wazi. Nilimwona Kobia akifungua mdomo.

"Leta," nikasema. "Nasoma mimi."

Kobia akanipa karatasi, ila akaegemea kufuata kwa macho. Nikasoma. Sauti niliipandisha kuliko ilivyohitajika. Nilipofika kwenye kukubali, nikasoma: "Shilingi elfu nne na mia tano. Aliyetoa ni Nduta." Nikakoma hapo.

"Elfu tatu," mama akasema.

"Elfu nne na mia tano, Mami. Ulinituma elfu tatu. Hiyo ingine nilichukua ya sare ya kwaya. Karatasi ilikuwako, nikaitupa. Na meseji nikafuta."

Foleni nzima ilikuwa inasoma matangazo ya mikopo ukutani. Wangui alifungua mdomo na mama akainua mkono, ule wenye kidole tayari kwa wino, akamnyamazisha bila kumtazama.

"Maliza kusoma," akaniambia.

Nikamaliza. Nikasoma Kutus zote nne, na kamera, na chipu, na Benki Kuu. Mama aliuliza swali moja tu: "Kama angesema elfu tatu, mashine ingesema nini?"

"Ingesema elfu nne na mia tano, shosho," Kobia akajibu. "Na hapo tungesema barua ni ya uongo. Hata ona hii." Akagonga kioo cha kompyuta. "Hao wezi walijaribu elfu ishirini mara ya pili, mashine ikakataa, ndio wakachukua kumi na tano. Kikomo cha siku ni arobaini, na nne na nusu ilikuwa imeshaenda."

Yaani wizi wangu mdogo uliupunguza wao. Ningejivunia, lakini uso wa mama haukuwa wa mtu wa kutaniwa. Alichovya kidole katika wino, akaniachia mkono nimwelekeze mahali pa kubonyeza, akabonyeza kwa nguvu mpaka meza ikalia.

Tulipofika nyumbani alisema, "Ungeniomba." Basi. Nilingoja matusi, nikangoja siku tatu, sikupata. Afadhali angenitukana. Jumatatu niliuza mitumba mpaka koo likakauka, nikamwekea elfu moja na mia tano mezani. Alizihesabu kwa vidole, noti moja moja, kisha akazifunga kwenye leso ileile iliyokuwa ya kadi.

Wangui alihakikisha habari imemfikia kila jamaa mpaka Kiriaini. Gathogo alirudi mwisho wa mwezi. Alinisikiliza yote, akanuna juu ya ile elfu moja na mia tano, kisha akampigia Munene simu na kumwomba msamaha kwa kosa ambalo Munene hata hakujua amesingiziwa. Nilikaa jikoni nikilia kwa hasira na kwa faraja, sijui ipi ilikuwa zaidi.

Benki ilikuwa imesema wiki sita. Wiki sita hizo nilizimaliza nikitembea. Nikisikia simu ya mama inalia naacha kuosha vyombo, nikiona pikipiki yoyote ikija kwetu natoka nje. Tarehe ya hospitali ilifika, ikapita. Mama alianza kujigonga kwenye miguu ya meza, jambo ambalo hakuwahi kufanya, na kila akijigonga nilihisi ni mimi nimeiweka pale. Mara mbili nilipanda hadi Nyeri kumuuliza Kobia, na mara zote mbili alisema faili iko kwa wachunguzi Nairobi. Nilimwomba anionyeshe tu picha ya kamera ya Kutus, nione huyo mtu. Akakataa: picha ni za wachunguzi na polisi.

Barua ya benki ilikuja wiki ya saba. Safari hii Wangui ndiye aliyesoma, na nilitaka yeye hasa. Mashine ya Kutus ilisoma mstari wa nyuma, si chipu. Aliyetoa pesa ni mwanamume, kofia usoni. Wateja wengine tisa waliotumia mashine ya njia ya Karatina mwezi huo walikuwa wameibiwa vivyo hivyo. Benki imerudisha shilingi elfu sabini na tano pamoja na ada zake. Mwisho kulikuwa na onyo refu kuhusu kumpa mtu mwingine namba ya siri, na hilo Wangui alilisoma polepole kuliko mengine yote.

"Basi," akasema, akikunja karatasi. "Haikuwa wewe." Ilimtoka kama jino.

"Haikuwa mimi," nikasema. "Isipokuwa ile ya kwaya, hiyo ilikuwa mimi."

Mama hakutaka kadi mpya. Alimwambia Kobia sasa atakuwa anatoa pesa kaunta kwa kidole chake, hata foleni ikifika barabarani. Nilielewa. Benki ilikuwa imenisafisha, na mama alikuwa amenivua kadi, na vyote viwili vilikuwa haki. Iliniuma hata hivyo. Kitabu changu cha nyimbo kilibaki na alama ya mstatili katikati, pale kadi ilipokuwa imekaa miaka minne.

Siku ya kutoa pesa za hospitali nilimsindikiza, kwa sababu yeye haoni ngazi za benki. Tulisimama saa moja na nusu. Tulipofika kaunta, karani akasukuma fomu na wino, na mama alihitaji mkono mmoja wa kuniegemea na mwingine wa kidole. Pochi yake ilikuwa imebanwa kwapani. Akasita. Kisha akaitoa, akaielekeza upande wangu bila kugeuza uso.

"Shika," akasema. "Ndani iko na elfu mbili mia nne na hamsini."

Nikaishika kwa mikono yote miwili.